Tupeane uzoefu: faili la bidhaa lilivyokataliwa kwa sababu ya namba za bakodi

Binti Chikongola

Habari zenu wadau. Nina duka Mtwara mjini, nauza korosho za pakiti na vyombo vya jikoni, na oda nyingi zinatoka nje ya mkoa. Mwezi uliopita nilipeleka faili la bidhaa kwenye tovuti ya kulinganisha bei. Vyombo vilipita. Korosho zote tatu, za gramu 100, 250 na 500, zikarudi na maneno mawili: namba batili, na namba moja kutumika kwa bidhaa zaidi ya moja.

Nilishangaa, maana namba nilizichukua kwenye vifungashio vya mbanguaji mwenyewe, kimoja kimoja mkononi, na kila saizi niliiwekea yake. Nikafungua tena faili kwa Excel, safu ya `gtin`, ndiyo ya namba za bakodi, ikaonyesha `6.20123E+12` mstari wa kwanza, wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Nikabofya seli, juu ikaandika 6201230000000. Zote tatu. Tarakimu saba za mwisho zilikuwa zimegeuka sifuri.

Kilichotokea ni kwamba Excel iliona tarakimu 13 ikadhani ni hesabu, ikazifupisha kwa kuonyesha. Nilipohifadhi kama CSV ilihifadhi ule ufupisho, siyo namba. Namba zangu zinatofautiana kwenye tarakimu za mwisho tu, kwa hiyo zikawa kitu kimoja. Nani mwingine amekutana na kukataliwa? Tupeane uzoefu, na mseme mligunduaje.

Fundi wa Shangani

Pole dada. Hiyo naiona karibu kila mwezi kwa wateja wangu. Chagua safu nzima ya `gtin`, iweke kwenye muundo wa maandishi, ndipo uandike namba. Ukibadilisha muundo baada ya kufungua CSV iliyoharibika haisaidii, tarakimu zimeshapotea, inabidi urudi kwenye pakiti. Na ukitaka kuhakiki faili kabla ya kulipeleka, lifungue kwa Notepad. Excel usiiamini kwenye kuhakiki, kwa sababu kila ikifungua CSV inatafsiri upya.

Mstari mzima uonekane hivi, safu zikitenganishwa kwa tabo (namba ni ya mfano):

```
id	title	price	availability	gtin
KRS-250	Korosho za chumvi 250g	9500 TZS	in_stock	6201234567893
```

Tovuti inajuaje kuwa namba ni batili bila kuiona pakiti? Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zile 12 za mbele. Chukua huo mfano wangu. Kuanzia kushoto, tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea zijumlishe: 6+0+2+4+6+8, unapata 26. Zilizobaki, 2+1+3+5+7+9, ni 27, zidisha mara tatu ziwe 81. Jumla 107. Kufika 110 inabaki 3, na 3 ndiyo ya mwisho. Sasa fanya hivyo kwa 6201230000000 yako: unapata 26, kufika 30 inabaki 4, lakini faili lina 0. Ndiyo maana ikarudi.

Simu Bora Lindi

Mimi yangu ilikuwa simu. Nilijaza safu ya `gtin` kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha boksi, simu zote zikakataliwa. Nikahesabu tarakimu: 15. Kumbe nilikuwa naandika IMEI! Kwenye boksi moja kuna mistari ya bakodi mitatu au minne, na IMEI ndiyo imeandikwa kwa kuonekana zaidi. Nikachukua maboksi mawili ya simu aina moja, rangi moja, nikayaweka pamoja juu ya kaunta. IMEI zilikuwa tofauti, lakini kulikuwa na namba moja ya tarakimu 13 iliyofanana kwenye yote mawili. Hiyo ndiyo iliyotakiwa. Tangu siku hiyo sijazi aina yoyote bila kulinganisha maboksi mawili.

Bei pia ilinirudisha. Niliandika `TSh 450,000/=` kama kwenye kibandiko cha dukani. Wanataka `450000 TZS`, bila mkato wala mkwaju.

Nyongeza kwa dada: ukiona 620 mwanzoni ujue bidhaa imetengenezwa Tanzania. Na kama pakiti haina bakodi, tunga tarakimu 12, kokotoa ya mwisho kama fundi alivyoeleza, itapita.

Fundi wa Shangani

Kaka, la maboksi mawili ni zuri sana, nitalitumia. Lakini hayo mawili ya mwisho hapana. 620 inaonyesha kampuni ilipewa namba kupitia Tanzania, haisemi kiwanda kiko wapi.

Na kutunga namba ni hatari. Hesabu ile inakamata makosa ya kuandika tu, tena siyo yote: ukibadilishana 2 na 7 zinazofuatana, jibu linabaki lile lile. Haiwezi kujua namba ni ya nani. Ukitunga ikaangukia namba ya sabuni ya mtu mwingine, korosho zako zitapangwa pamoja na sabuni hiyo, au orodha yako yote ichunguzwe. Bidhaa isiyo na namba, iache safu wazi, andika jina la kikundi kilichofungasha kwenye `brand`, na kwenye `identifier_exists` andika `no`. Hiyo ni kwa isiyo nayo kweli, siyo njia ya kukwepa kutafuta.

Mzee wa Nachingwea

Vijana, nimeona mnazungumzia kulinganisha bei za korosho. Je, hizo tovuti zinaonyesha bei za mnadani za vyama vya ushirika, MAMCU, TANECU na RUNALI? Maana sisi wakulima tunasubiri matangazo.

Binti Chikongola

Shikamoo mzee. Hapana, hizi zinalinganisha bei za rejareja kati ya maduka, pakiti iliyokwisha banguliwa na kufungashwa. Za mnadani hazimo.

Mama Mikindani

Mimi nauza dagaa na korosho za kupima. Mizani yangu inatoa kibandiko chenye bakodi, nikaitumia. Imekataliwa, lakini namba ni halali, nimehesabu!

Fundi wa Shangani

Mama, inaanza na 2, sivyo? Zinazoanza na 20 hadi 29 ni za matumizi ya ndani ya duka. Tena mizani nyingi huingiza uzito au bei humo humo. Pima nusu kilo, kisha pima robo, utaona namba inabadilika. Kwa hizo nawe acha safu wazi, uweke `no`.

Mama Mikindani

Nimepima sasa hivi. Tarakimu za mwisho zimebadilika kweli. Ahsante mwanangu.

Binti Chikongola

Nimeandika upya namba zangu kama maandishi. Gramu 100 na 250 zimepita jana jioni. Ya 500 bado: hiyo nauza kama fungu la pakiti mbili za 250 ndani ya mfuko mmoja niliofunga mwenyewe, na ile bakodi niliyoisoma awali ipo kwenye katoni la mbanguaji. Niweke namba ya pakiti moja au ya katoni?

Fundi wa Shangani

Ya katoni siyo, hiyo ni ya katoni zima. Kwa fungu ulilofunga wewe, kuna wanaokubali namba ya pakiti moja pamoja na safu ya `multipack` yenye 2.

Simu Bora Lindi

Mimi nilifanya hivyo kwa chaja mbili pamoja, tovuti yangu haina hiyo safu, ikasema bei hailingani na ya chaja moja. Nikaishia kuweka `no`.

Binti Chikongola

Basi kesho napeleka faili mara mbili, kwanza na `multipack`, ikirudi naweka `no`. Nitaleta majibu hapa.