Wamebandika bei juu ya volti! Blenda ya harusi imeungua, na waranti hawataki kuisikia

Kaka wa Majengo:
Jamani nimechemka. Dada yangu mdogo ameolewa Kisauni, nikaona badala ya bahasha nimpe kitu cha jikoni cha maana. Nikaingia duka moja karibu na Marikiti linalouza vitu vya kontena kutoka Marekani, nikachukua blenda nzito ya jagi la kioo, shilingi 9,500. Nilimuuliza muuzaji waziwazi kama inakubali stima ya hapa. "Kazi tu, kaka." Akaichomeka pale pale kwenye kaunta, barafu ikasagika. Plagi ina pini mbili bapa, basi akanitilia na adapta ya pini tatu bure.

Bi harusi kaiwasha kwake, embe na maziwa. Imelia kama pikipiki iliyong'oka mafla, ikatoa harufu ya plastiki, moshi, kimya. Kuipindua, chini pana stika ya bei ya duka. Nimeibandua kwa kucha, na chini yake pameandikwa `120V~ 60Hz 500W`. Hiyo stika haikufika hapo kwa bahati mbaya!

Nimeirudisha leo. Nikachungulia chini ya kaunta: soketi aliyojaribia inatoka kwenye boksi la chuma linalovuma. Transfoma ya kushusha volti! Kwa hiyo ajua fika anachouza. Kadi ya waranti ya mwaka 1 haina muhuri, tarehe wala nambari ya mashine, na aniambia "haihusu kuungua kwa stima", tena mwenye kulalamika awe aliyepewa zawadi, si mimi. Ati mimi niliyelipa sihusiki!

Mama Likoni:
Pole mwanangu. Mimi walinipa seti ya sufuria, mkono umeshikizwa kwa vinukta viwili vya kuchomelea tu, bila ribiti. Ulitoka nikiwa nimebeba mchuzi wa moto. Nao walikataa kurudisha.

Bahari_Kuu:
Tatizo ni hiyo 60Hz, siyo volti. Kenya ni 50Hz, mota yazunguka vibaya.

Fundi wa Kongowea:
Bahari, hapana. Mota ya blenda ni ya makaa, haijali 50 wala 60. Hetsi utazijali kwenye maikrowevu au saa ya ukutani. Kilichoiua ni 240. Volti zikiwa maradufu, mota hukimbia kupita ilivyoundwa, nyaya zake hupata moto mpaka varnishi ya kuzikinga inaungua, kisha zagusana. Ndiyo ile harufu. Ingekuwa jiko la wali ingekuwa mbaya zaidi: koili ya wati 500 ya 120 ukiichomeka kwa 240 yavuta kama wati 2,000, mara nne.

Na adapta hubadilisha umbo la pini tu. Volti hazigusi. Kaka, hebu ifungue hiyo adapta, uniambie fyuzi ni ya ngapi.

Kaka wa Majengo:
Imeandikwa 13.

Fundi wa Kongowea:
Basi. Mashine hii kwao huvuta kama ampea 4. Hata zikawa 8, fyuzi ya 13 yatazama tu. Ya 3 huenda ingekatika kabla moshi haujatoka.

Bahari_Kuu:
Sawa, nimekubali. Lakini angenunua transfoma ya wati 500, mambo yakaisha.

Fundi wa Kongowea:
Ya 500 itachemka. Mota ikianza huvuta kuliko ilivyoandikwa, chukua ya 1,000. Ni kubwa na nzito, na kwa bei yake waongeza kidogo upate blenda ya `220-240V~ 50Hz`. Mimi simshauri mtu.

Bi Mkasi:
Kaka, achana na kadi ya waranti. Hiyo ni ahadi ya ziada, haifuti haki yako. Katiba, kifungu cha 46, yataka bidhaa iwe ya ubora unaofaa, na upewe habari za kuitumia ipasavyo. Kufunika volti kwa stika ni kukunyima habari. Je, ulilipa taslimu?

Kaka wa Majengo:
M-Pesa. Risiti hakunipa.

Bi Mkasi:
Huo ujumbe ndio risiti yako: jina, saa, kiasi. Na ndiye wewe mnunuzi, asikuzungushe. Stika uliyoibandua usiitupe, ipige picha kando ya bamba la volti. Mwandikie barua umpe siku 7 arudishe pesa. Akikaidi, mahakama ya madai madogo yapokea kesi hadi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili.

Mkwezi:
Kwa 9,500? Nauli na siku za kazi zitakula zaidi.

Kaka wa Majengo:
Mkwezi, hata zikila. Fundi, mota yafaa kusukwa upya kwa 240?

Fundi wa Kongowea:
Usiiguse kwanza. Ukinipa niifungue, kesho atasema umeiharibu wewe.