Moshi: Hati ya mashtaka inasema nondo zangu zilipokelewa kabla hazijaibiwa!

Wakuu, nina hasira. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi. Kijana wangu wa stoo aliiba nondo, akamuuzia fundi mmoja wa Pasua. Wakakamatwa wote, maelezo nikatoa, kesi ikafika mahakamani. Nimeshatoa ushahidi, ndipo wakili wa utetezi anasimama na kumsomea hakimu hati yenyewe.

Kosa la kwanza: wizi, tarehe 14 Machi. Kosa la pili: kupokea mali ya wizi, tarehe 12 Machi. Yaani fundi alipokea nondo zikiwa bado stoo kwangu! Tena kosa la kwanza limeandikwa vifungu 258 na 265, wizi wa kawaida, halafu maelezo ya kosa yanasema "wakiwa watumishi wa mlalamikaji". Wakiwa! Fundi sijawahi kumlipa hata shilingi. Na kwenye kosa la pili anayedaiwa kupokea ni kijana wa stoo, aliyeziiba mwenyewe. Mwendesha mashtaka aliyesaini alisoma nini?

Kibosho1: Mkuu punguza presha. Sheria inasema tofauti ya muda kati ya hati na ushahidi si hoja. Hakimu atapita tu.

Mzee wa Korido: Nusu yake ni kweli, Kibosho. Lakini hapa hati inajipinga yenyewe, na Mahakama ya Rufani imeshaachia watu kwa sababu tarehe ya hati na ya mashahidi hazikulingana na hati haikurekebishwa. Dawa ni kuisoma jalada likiwa wazi pembeni, kosa moja moja hadi mwisho. Shika kosa la pili: kifungu 311 kinamtaka mpokeaji, basi jina liwe la fundi peke yake, tarehe itoke kwenye maelezo ya shahidi aliyeona nondo zikishushwa, na isitangulie ya wizi. Kosa la kwanza ni la mtumishi, kwa hiyo 258 na 271, kijana peke yake. Hapo adhabu inafika miaka 10, kwa 265 ni 7. Majina yalinganishwe na maelezo ya onyo, maana kuna mahali jina la baba linageuka la ukoo.

Dada Ngarenaro: Mimi Arusha shamba langu limeuzwa na shemeji, nifungue wapi?

Mzee wa Korido: Dada, hiyo ni ya baraza la ardhi, fungua uzi wako.

Mwenye uzi: Mzee, wakirekebisha sasa nitarudi kizimbani?

Mzee wa Korido: Washtakiwa watasomewa upya, na wana haki ya kuomba mashahidi waitwe tena. Wakiomba, utarudi.

Kibosho1: Au wakili akae kimya, hukumu ije, akate rufaa.

Mwenye uzi: Na duka nafunga mimi! Kesho nipo mlangoni kwa waendesha mashtaka na nakala yangu, nimeshaipiga mistari kwa kalamu nyekundu.