Jumamosi tunakatiwa maji "hadi kazi itakapokamilika": hili ni tangazo au ni dharau?

Mpangaji wa Upanga

Wakuu, heshima kwenu. Jioni hii limebandikwa tangazo kwenye lifti ya jengo tunaloishi hapa Upanga, Dar es Salaam. Jengo lina ghorofa 8, nyumba 24. Nalinakili lilivyo:

"WAPANGAJI WOTE. Jumamosi maji yatafungwa kuanzia saa 2:00 hadi kazi itakapokamilika, kupisha ubadilishaji wa bomba kuu. Hifadhini maji ya kutosha. Samahani kwa usumbufu. MENEJA."

Basi, limeishia hapo. Saa 2:00 ya asubuhi au ya usiku? Hakuna anayejua, na mlinzi wa getini naye anakisia. "Maji ya kutosha" ni ndoo ngapi? Kazi ikikamilika tunafungua bomba tunywe, au tunangoja? Watu wenye hita hawajaambiwa lolote. Bomba la chuma linaloshuka kutoka matangi ya juu lina kutu mpaka maji ya asubuhi yanatoka na rangi ya chai, kwa hiyo kulibadilisha tunakutaka sana. Kinachoniudhi ni mtu kuwafungia maji watu wa nyumba 24 bila kuwaambia yatarudi lini, halafu akaona mistari minne inatosha. Mafundi mliomo humu, niambieni: kweli haiwezekani kutaja saa ya kufungua?

Nyundo Kavu

Mkuu, punguza jazba. Siku hizi wanaweka bomba la plastiki la PPR, lile linalochomelewa kwa moto. Kiungo kinapoa kwa dakika chache na maji unaruhusu hapo hapo. Wakianza saa 2 asubuhi, saa 6 mchana unaoga.

Kijana wa Mbagala

Huku kwetu DAWASA wametukatia tangu juzi na hawajabandika hata karatasi. Bili ndiyo haijawahi kuchelewa.

Mpangaji wa Upanga

Ndugu yangu, pole, ila hili si la DAWASA. Maji ya mtaani yapo, na tangi la chini limejaa. Ni bomba la ndani ya jengo.

Fundi Bomba Ilala

Mleta uzi, saa ya kufungua inatajika, isipokuwa kama hawajafanya jaribio moja dogo. Nikisoma hilo tangazo naona hawajalifanya. Nyundo Kavu yuko sahihi kwamba kiungo kinapoa haraka, lakini amehesabu kiungo kimoja tu.

Tuchukue jengo lenu. Bomba kuu la ghorofa 8 tuseme ni la milimita 63. Kila ghorofa inakaa tii moja ya kupeleka maji nyumbani, na kila tii inachomelewa juu na chini. Hapo ni viungo vikubwa 16. PPR ya 63 inakaa kwenye mashine ya nyuzijoto 260 kwa sekunde 24, unaiunganisha bila kuizungusha, halafu unaiacha kama dakika 6 bila kuigusa. Ukijumlisha kukata, kusafisha na kupima, ni dakika 10 kila kimoja kama fundi ni mwepesi. Viungo 16 kwa mashine moja ni karibu saa 3, na bado hujagusa matawi ya kuingia nyumba 24, ambayo ni madogo ila ndiyo mengi. Umeme ukikatika na hakuna jenereta, mashine inapoa na kazi inasimama.

Lakini viungo vile si lazima vichomelewe siku ya kufunga maji. Bomba jipya linasimamishwa kwenye dakti, pembeni ya lile la zamani, siku mbili tatu kabla, huku nyie mnaendelea kuoga. Tii zote zinachomelewa, linafungwa mwisho, linajazwa maji na kupimwa kwa presha mara moja na nusu ya ile ya kazi. Maji yanafungwa kwa ajili ya kuhamisha tu: juu kwenye tangi, na matawi ya kila ghorofa. Fundi anayefunga maji kwanza ndipo aanze kukata mabomba amewahamishia wapangaji kazi ya maandalizi.

Sasa hilo jaribio. Chini ya matangi ya juu kuna koki ya kufungia, mara nyingi geti valvu ya shaba ambayo haijaguswa miaka. Unaizungusha mpaka mwisho, mkono unakuambia imefunga, kumbe ndani sahani yake imeliwa au imekwama kwenye uchafu. Maji yanaendelea kupita kidogo kidogo. Kwenye bomba la chuma hilo ni kero tu, ila kwenye PPR ni balaa, kwa sababu tone moja likiingia kwenye kiungo cha moto linageuka mvuke na kuacha tundu. Leo hakivuji. Kitavuja baadaye, ndani ya dakti, na nyumba ya ghorofa ya 3 ndiyo itaona ukuta unaloa.

Kwa hiyo siku tatu nne kabla, usiku watu wakiwa wamelala, unafunga ile koki na kufungua bomba la chini kabisa. Bomba lenu lote lina maji machache, kama lita 40 au 50 hivi. Yakiisha yale, mkondo unatakiwa ufe. Ukiona unaendelea kutoka mwembamba baada ya dakika 10, koki haishiki. Hapo kuna njia moja: matangi ya juu yatolewe maji yote ndipo koki mpya ifungwe. Tukisema ni lita 10,000, kuyajaza tena kwa mota ya kawaida inayotoa lita 3,000 kwa saa ni zaidi ya saa 3. Ndiyo maana meneja ameandika "hadi kazi itakapokamilika": hajui kama koki inashika.

Msimamizi Mstaafu

Fundi umesema kweli, ila msimuonee meneja kwa kila kitu. Bomba la chuma la zamani lina tabia yake. Unafungua elbo ya ghorofa ya 6, nyuzi za bomba linaloingia jikoni kwa mtu zinakatikia ukutani. Sasa inabidi uvunje vigae, na mwenye nyumba yuko kazini na funguo zake. Saa ukiiandika leo, kesho wanakuletea picha ya tangazo na kelele. Kwa hiyo mameneja wanakwepa kuandika.

Mimi ningelaumu kingine. Je, ile mipira ya zimamoto ya kila ghorofa inalishwa na bomba hilo hilo? Kama ndiyo, siku nzima jengo halina maji ya kuzimia moto, na tangazo halisemi neno. Angalau mitungi ya zimamoto ikaguliwe kabla, na mafundi wasichomelee chuma siku hiyo.

Mpangaji wa Upanga

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini kukwepa ndiko kunakotuudhi. Kama kuna hofu ya nyuzi kukatikia ukutani, si aandike kwamba kila nyumba iache mtu au funguo? Hilo lingeokoa saa ngapi? Hata mpira wa zimamoto tunasikia kwako, si kwake.

Mama wa Ghorofa ya Saba

Samahani jamani, nina mtoto wa miezi miwili na tupo wanne ndani. Hiyo "ya kutosha" mnahesabuje? Na choo cha kuflashi je?

Fundi Bomba Ilala

Dada, choo ndicho kinakula maji. Watu wanne kwa siku wakiflashi mara 20 jumla, kila mara lita 6, hiyo ni lita 120, yaani ndoo 6 za lita 20. Usijaze tangi la choo, mwaga moja kwa moja kwenye sinki la choo kwa mkupuo, na haja ndogo si lazima kila mara. Ongeza ndoo 3 za kuoga na vyombo, na maji ya kunywa na ya mtoto yakae pembeni kwenye chombo chenye mfuniko, lita 20 yatoshe mpaka Jumapili. Jaza Ijumaa jioni. Wote mkijaza Jumamosi asubuhi mnamaliza tangi kabla hajafunga.

Mambo matatu ambayo tangazo lilipaswa kuyasema. La kwanza, hita. Izime kwenye swichi yake kubwa kabla ya maji kufungwa, na usiiwashe mpaka bomba la maji ya moto litoe mkondo uliotulia, usiotema hewa. Hita ikiwaka ikiwa kavu, koili inaungua.

La pili, mipira. Bomba kuu likifunguliwa chini, maji yanashuka na kunyonya hewa kutoka nyumba za juu. Kama wewe wa ghorofa ya 7 umeacha mpira umezama kwenye ndoo ya kudekia na koki iko wazi, bomba linanyonya ile ndoo na kuipeleka kwa jirani. Mpira wa kujitawazia chooni ni hivyo hivyo, hasa ukiachwa umelala ndani ya choo. Toeni mipira yote kwenye maji, fungeni koki zake za ukutani. Na bomba zote zifungwe, maana anayeacha wazi akaondoka atarudi akute sebule ina maji.

La tatu, maji yakirudi si ya kunywa. Bomba jipya linatiwa dawa ya klorini, kama gramu 75 za HTH ya asilimia 65 hadi 70 kwa lita 1,000. Yanakaa saa nzima, kisha yanamwagwa mpaka harufu kali iishe. Ndani ya saa hiyo mtu asitumie hata tone. Kisha kila nyumba ifungue kwanza bomba la bafuni, baada ya kutoa kichujio cha mdomoni, mpaka maji yawe meupe. Mashine ya kufulia na nguo nyeupe zingoje Jumapili, kwa sababu matawi ya ndani bado ni ya chuma na kutu itashtuka.

Nyundo Kavu

Hapo kwenye klorini mnazidisha. Majengo mangapi hapa mjini wanatia dawa? Wanafungua maji, yanatoka machafu nusu saa, maisha yanaendelea.

Fundi Bomba Ilala

Ni kweli wengi hawatii. Bomba limelala stoo kwenye vumbi na panya, fundi ameshika ndani kwa mikono. Hawatii dawa kwa sababu hakuna mpangaji anayeuliza.

Mpangaji wa Upanga

Basi nimeandika tangazo jingine, naenda nalo ofisini asubuhi. Saa nitamwachia meneja azijaze, ila ziwe tatu: ya kufunga, ya maji ya chooni, na ya maji ya kunywa, kila moja na "asubuhi" au "usiku" yake. Kuna mstari wa hita, wa mipira, wa funguo, wa zimamoto, na namba ya simu ya fundi atakayekuwa zamu. Na nadai koki ya juu ijaribiwe kabla ya Ijumaa, mbele ya mpangaji mmoja.

Kimebaki kimoja. Koki isiposhika na lita 10,000 zikamwagwa, hayo maji analipa nani? Kwetu bili ya maji inagawanywa kwa nyumba zote.

Msimamizi Mstaafu

Hilo soma mkataba wako, kipengele cha huduma za pamoja. Nimeona mikataba inayomtwisha mpangaji kila kitu.

Fundi Bomba Ilala

Kabla hamjabishana na bili: hayo maji si lazima yamwagwe. Chini mna tangi. Mpira wa inchi mbili kutoka tangi la juu unayarudisha, mradi lile la chini liachiwe nafasi, na floti ya maji ya mtaani ifungwe usiku wa Ijumaa. Mwambie meneja aulize kama tangi la chini linabeba hizo lita 10,000.