Posho ya basi la Dar au mkataba wa basi la wafanyakazi? Naomba ulinganisho (Mtwara)

Mama Nassoro
Mume wangu ana miaka 43 na ni dereva wa pili wa basi la Mtwara kwenda Dar es Salaam. Hulipwa posho ya shilingi 40,000 kwa safari, bila mkataba. Mwenye mabasi yanayobeba wafanyakazi wa kiwandani yuko tayari kumpa mkataba wa shilingi 600,000 kwa mwezi, ila anataka kwanza aone cheti cha chuo na uthibitisho wa udereva wa LATRA. Mwezi ambao basi halikuharibika posho huushinda mshahara huo, ndiyo maana anasita. Cheti cha chuo anacho, lakini uthibitisho hana; barabarani hutumia kitufe cha mwenzake. Tuna watoto watatu shuleni. Waliopitia njia hizi naomba mnilinganishie.

Chuno
Dada, leseni yake ni daraja C, na hiyo haitolewi bila mafunzo ya kubeba abiria. Mwajiri anayedai karatasi nyingine juu ya hapo anamsumbua tu. Abaki alipo.

Suka Mstaafu
Chuno, kuhusu mafunzo na leseni umesema kweli, lakini uthibitisho wa LATRA ni jambo la tatu. Dereva hufanya mtihani, na akifaulu husajiliwa na kupata kitufe chenye utambulisho wake mwenyewe. Kabla ya safari hukigusisha kwenye kisomeo ndani ya gari, na kuanzia hapo mwendo kasi, breki za ghafla na saa alizokaa kwenye usukani huandikwa kwa jina lake.

Mama Nassoro, kitufe cha mwenzake ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko suala la mshahara. Njia ya Dar inazidi kilomita 550, na madereva huwa wawili ili mmoja asikae kwenye usukani kwa muda unaozidi saa nane. Mumeo akishika usukani Nangurukuru kwa kitufe cha mwenzake, mfumo unaona mtu mmoja ameendesha tangu Mtwara. Akipita kilomita 80 kwa saa, kosa linamwangukia mwenzake, na yeye mwenyewe hajengi rekodi yoyote ya kumwonyesha mwajiri mpya. Kwa hiyo, abaki au aondoke, mtihani huo aufanye.

Korosho Kwanza
Mimi nina fuso, nabeba korosho kutoka Newala hadi bandarini msimu ukianza. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitufe, na msimu mmoja unalipa kuliko hizo 600,000. Auze kiwanja, anunue lori.

Suka Mstaafu
Ndugu yangu, aliyeulizwa habari zake ni dereva wa abiria, na kiwanja hakikutajwa.

Binti Mikindani
Kaka yangu alivuka njia hiyohiyo, kutoka basi la Masasi hadi basi la wafanyakazi. Alifaulu mtihani wa LATRA, kisha mwajiri akampima kwa vitendo, na hapo ndipo wenzake wawili walipoanguka. Waliwasha gari wakaondoka moja kwa moja. Yeye alisubiri upepo ujae, akazima injini, akakanyaga breki na kuushikilia mguu huku akitazama sindano ya geji. Ilikuwa ikishuka polepole, akasikia mvujo upande wa nyuma, akakataa kuliondoa gari. Kazi aliipata kwa kukataa kule.

Kuhusu fedha, mshahara wake ni sawa na huo wa shemeji. NSSF hukatwa 60,000 na mwajiri anaongeza 60,000, hivyo kila mwezi inaingia 120,000 ambayo posho haikuwahi kuileta. Ni kweli kwamba mkononi hubaki na kidogo kuliko zamani, na mwaka wa kwanza wifi yangu alinung'unika sana. Lakini basi likilala gereji mshahara hausimami. Mei 2024, barabara ilipokatika Somanga kwa mafuriko, madereva wa Dar tunaofahamiana nao walikaa bila posho, ilhali yeye alilipa ada ya binti yake aliyeko chuo cha uuguzi. Kwa mkataba huo pia alipata mkopo wa benki, nao ndio uliopaua nyumba.

Suka Mstaafu
Ongeza umri kwenye hesabu hiyo. Pensheni ya uzeeni inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Akianza sasa atafikisha akiwa na 58, kabla ya kustaafu kwa lazima akiwa na 60. Akingoja hadi 46, hatafika.

Chuno
Hilo la miezi 180 sikulifikiria. Hata hivyo mkataba wa mwaka mmoja unaweza usihuishwe, na nafasi yake kwenye basi la Dar itakuwa imeshachukuliwa.

Mama Nassoro
Mkataba ni wa miaka miwili. Baada ya hapo hawakutuahidi kitu. Jumatatu anakwenda ofisi ya LATRA hapa Mtwara kuulizia mtihani, na kitufe cha mwenzake amekubali kukiacha. Bosi wake bado hajaambiwa, na hatujakubaliana kama aambiwe kabla ya matokeo au baada yake.