Msaada: kichocheo cha kobalti kinanipa methani nyingi badala ya dizeli

BintiMlimani:
Wakuu habari za jioni, na shikamooni wakubwa zangu. Nasoma uzamili wa uhandisi kemia hapa Dar. Mradi wangu ni kugeuza singasi kuwa mafuta ya kimiminika kwa njia ya Fischer-Tropsch. Wazo la mradi ni kwamba gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara inafika mjini kwa bomba, na ikishageuzwa kuwa singasi, yaani hidrojeni na kaboni monoksaidi, unaweza kuijenga upya kuwa dizeli. Kwa sasa natumia gesi za mitungi.

Kichocheo changu ni kobalti asilimia 15 juu ya alumina, punje za milimita 2 hadi 3, ndani ya bomba la chuma cha pua lenye upana wa milimita 12. Naendesha kwa 220 °C na bar 20, hidrojeni mbili kwa kaboni monoksaidi moja. Asilimia 65 ya CO inatumika. Kati ya kaboni yote iliyotumika, asilimia 22 inaondoka kama methani! Nilitegemea chini ya 10. Kinachonichanganya ni kwamba mtego wa moto unatoa nta nyeupe safi. Nawezaje kupata nta na methani nyingi kwa pamoja? Nishusheje methani?

FundiMtambo_Tmk:
Dada, ongeza presha. Presha ikipanda minyororo ya kaboni inarefuka, hiyo inajulikana. Peleka bar 30 na ushushe joto hadi 200, methani itakwisha.

Mzee wa Reakta:
Marahaba binti. Fundi hajakosea kuhusu mwelekeo: presha ikipanda mnyororo hurefuka, na joto likipanda hufupika. Ila kabla hujagusa chochote, tuzisome kwanza namba zako, maana zinaonyesha kitu kingine. Una sehemu ya C8 na ya C14, yaani bidhaa zenye kaboni 8 na 14, kwa uzito?

BintiMlimani:
C8 ni asilimia 4.6 na C14 ni asilimia 3.

Mzee wa Reakta:
Vizuri. Juu ya kobalti mnyororo hukua kaboni moja baada ya nyingine. Kila hatua una njia mbili, kupokea kaboni nyingine au kuachia kobalti na kuondoka. Uwezekano wa kupokea ndio tunaouita alfa. Ukigawa uzito wa kila bidhaa kwa idadi ya kaboni zake, thamani hiyo hupungua kwa alfa kila unapopanda kaboni moja.

Kwako, 4.6 gawa kwa 8 ni 0.575. Tatu gawa kwa 14 ni 0.214. Uwiano ni 0.373, na kutoka C8 hadi C14 ni hatua sita, kwa hiyo tafuta kipeuo cha sita: unapata kama 0.85. C8 huenda kidogo imepotea na gesi kwenye mtego wa baridi, kwa hiyo alfa halisi inaweza kuwa chini kidogo ya hapo. Kwa alfa ya 0.85 hesabu inakupa methani asilimia 2 hivi. Kobalti huwa inazidisha methani kuliko hesabu hata ikifanya kazi vizuri, lakini 22 haielezeki hivyo.

Sasa geuza hesabu. Kama methani 22 ingetoka kwenye alfa moja, alfa hiyo ingekuwa 0.53, na C14 isingefika hata sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Nta usingeiona kabisa. Kwa hiyo ndani ya bomba lako kuna mazingira mawili: sehemu moja inajenga nta, nyingine inatengeneza methani. Niambie themokapo imekaa wapi.

BintiMlimani:
Imebanwa kwenye ukuta wa nje wa bomba, katikati ya tanuru.

Mzee wa Reakta:
Basi hiyo 220 ni joto la ukuta. Kila moli ya CO inayogeuka inatoa kilojuli 165 hivi, ni joto kubwa sana, na linatoka zaidi juu, pale gesi mbichi inapoingia. Pitisha themokapo nyembamba katikati ya kitanda na uisogeze sentimita moja moja kutoka juu hadi chini.

Kibo_na_Mawenzi:
Samahani kuingilia. Mimi nina mtambo wa samadi Kibaha, unatoa gesi nyingi kuliko jiko letu linavyohitaji. Naweza kufanya hii nipate dizeli ya jenereta?

Mzee wa Reakta:
Ndugu yangu, usijaribu. Gesi yako ingebidi kwanza isafishwe salfa yote, maana salfa huua kobalti, kisha igeuzwe singasi kwa joto la zaidi ya 800 °C. Na CO haina harufu. Ikivuja chumbani inaua. Tafuta jenereta inayotumia gesi yenyewe, ondoa salfa kwa kichujio cha kutu ya chuma, inatosha.

Kemia_Kigamboni:
Kwa nini usihamie kichocheo cha chuma? Chuma kwa 320 °C hakisumbui hivi, na unapata petroli.

Mzee wa Reakta:
Kwa joto hilo chuma hutoa petroli na olefini nyepesi, kweli, na kuna viwanda vimejengwa hivyo. Lakini mradi wake ni dizeli, na njia yake ni kutengeneza nta ndefu kwa joto la chini, halafu kuikata kwa hidrojeni. Kiwanda cha Pearl kule Qatar kimejengwa hivyo, kwa kobalti. Ukilenga dizeli moja kwa moja, alfa hairuhusu. Itakuja pamoja na nyepesi na nzito.

BintiMlimani:
Wakuu nimerudi. Ukuta ukiwa 220, katikati, sentimita tatu kutoka juu, nimesoma 247. Chini kabisa ni 222. Nikachanganya kichocheo na punje za silikoni kabaidi, moja kwa nne. Sasa juu ni 226 na methani imeshuka hadi 13. CO inayotumika nimeirudisha 65 kwa kupunguza mtiririko. Bado haijafika chini ya 10.

Kemia_Kigamboni:
Hiyo iliyobaki naona ni kobalti ambayo haikuondolewa oksijeni vizuri. Uliitibu kwa hidrojeni joto gani?

BintiMlimani:
350 °C, usiku mzima.

Mzee wa Reakta:
Kwa alumina hiyo inakubalika, ingawa sehemu ya kobalti huenda bado imeshikwa na oksijeni. Hilo sikatai. Mimi nashuku zaidi punje. Milimita 2 hadi 3 ni kubwa. Vitundu vyake vimejaa nta, na hidrojeni hupenya ndani ya nta haraka kuliko CO. Kwa hiyo ndani ya punje hidrojeni inakuwa nyingi mno, na mnyororo unakatwa mapema.

Kuna njia ya kutupambanua. Ponda kichocheo kilekile, chekecha kati ya maikroni 150 na 250, endesha tena kwa joto lilelile la ndani na CO inayotumika ibaki 65. Methani ikishuka, ni vitundu. Isiposhuka, Kemia ana hoja.

Kemia_Kigamboni:
Na ukitaka kuipima hoja yangu, chukua kundi jingine ulitibu kwa 400. Usipande zaidi, chembe za kobalti zitaanza kuungana.

BintiMlimani:
Asanteni sana. Chekecheo za maikroni 150 na 250 zipo. Naanza na kuponda, nikipata namba nitaziweka hapa.