Naomba ushauri: bajeti ya dharura ya mafuriko, mfadhili anaitaka kesho

Habari zenu wakuu. Mimi ni mhasibu wa shirika dogo hapa Tanga. Maji yameingia vijiji vya bondeni, kaya 300 zimehifadhiwa shuleni, na mfadhili anataka bajeti kesho asubuhi.

Kinachonisumbua ni turubai. Kila kaya inahitaji 2, jumla 600. Juzi ziliuzwa shilingi 45,000, yaani milioni 27. Leo duka hilohilo linasema 60,000, yaani milioni 36. Mkataba unaruhusu kuhamisha asilimia 10 tu kati ya mafungu bila kibali cha maandishi. Nikiandika 45,000 na bei ikabaki juu, nitavuka bajeti kwa theluthi nzima, na kibali kinachukua siku nyingi huku watoto wanalala kwenye sakafu mbichi.

Nimefikiria kuweka turubai, ndoo na dawa ya kutibu maji kwenye fungu moja la vifaa vya kaya, kisha mchanganuo wa idadi na bei uwe kwenye maelezo. Je, wakaguzi wenu walilikubali hilo, au walidai kila kifaa kisimame peke yake?

La pili, wenye mitumbwi hawana risiti. Naona fomu ya malipo yenye jina, saini, safari na mzigo, pamoja na muamala wa simu, ingetosha, ila ningependa mfadhili aikubali kwa barua pepe kabla sijalipa. Mliowahi kuomba kibali cha namna hiyo, mliandikaje?