MREJESHO: Ada ya chuo Uingereza imeonekana

Nilichouliza: "Nimetuma pauni 4,000 kutoka Dar kwenda chuo cha mwanangu Uingereza, siku ya tisa leo. Benki wanasema imefika, akaunti ya mwanafunzi inasoma sifuri. Nifanyeje?"

Wakuu, imepatikana. Aliyenishauri niombe MT103, ile hati ya benki inayoonyesha malipo yalivyotumwa, ubarikiwe. Nilirudi tawini nikaomba nakala yake, maana ile risiti ya kaunta chuo waliikataa. Kwenye sehemu ya 70, panapoandikwa maelezo ya malipo, palisomeka "SCHOOL FEES" tu. Namba ya mwanafunzi niliijaza kwenye fomu, karani hakuiingiza. Na jina la mtumaji ni langu, wakati mtoto anatumia ubini wa baba yake. Chuo wangejuaje ni ya nani? Hela ilikuwa imekaa kwenye akaunti yao ya malipo yasiyotambulika.

Mwanangu akawatumia watu wa idara ya fedha chuoni hiyo MT103, jina lake, namba yake na ile namba ndefu ya kufuatilia, UETR. Siku mbili baadaye ikaingia, ila pauni 3,982. Hapo nilichanganyikiwa tena, kumbe sehemu ya 71A ilikuwa SHA, yaani makato tunagawana, na benki ya katikati ilichukua chake njiani. Pauni 18 zilizopungua dogo amelipia kwa kadi yake hukohuko.

Muhula ujao nachagua OUR, yaani makato yote nabeba mimi mtumaji, na siondoki kaunta kabla sijaiona namba ya mwanafunzi kwenye skrini ya karani.